Narudi Ujerumani kumalizia shule baada ya miezi minane nyumbani. Nafurahi na ninalia

BintiPangani
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba naondoka Dar kurudi Ujerumani kuendelea na masomo. Wengi mliniuliza mbona nimepotea, nikawa nakwepa kujibu. Leo nasema.

Mwishoni mwa Januari mama alipigwa na kiharusi akiwa jikoni, Tanga. Dada alinipigia saa tisa usiku kwa saa za kule. Nilipanda ndege tarehe 2 Februari 2025 na begi moja la mgongoni, nikidhani nitakaa wiki tatu. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala na hasemi. Wiki tatu zikawa miezi minane.

Nimejifunza mambo ambayo uhandisi mitambo haufundishi. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili mgongo usitoke vidonda. Kumfungua vidole kimoja kimoja na kumshikisha soksi iliyokunjwa kama mpira. Kumpa uji mzito badala ya maji, maana maji yalikuwa yanampalia. Mwezi wa tano dada alipika mchuzi wa nguru, mama akaonja, akakunja uso, akasema "chumvi". Neno la kwanza tangu Januari. Dada aliangusha mwiko. Na kweli chumvi ilikuwa haijakolea.

Sasa anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani, anaongea polepole, mkono wa kulia bado. Amenifukuza yeye mwenyewe: "Nenda. Maliza." Basi naenda, na kila nikifunga begi nalifungua tena.

Nirudie nini kule? Nilianza Oktoba 2022, nimebakiza kama mwaka na nusu. Na kuna somo la mekanika nimelifeli mara mbili. Jaribio la tatu lilikuwa tarehe 18 Februari, nikajitoa kwa sababu nilikuwa hospitali namshika mama mkono. Anayejua Ujerumani anajua maana ya jaribio la tatu.

Mpwapwa_Boy
Hongera sana dada, karibu nyumbani! Ujuzi ulioupata huko njoo ujenge nchi. Ajira zipo ukiwa mbunifu.

BintiPangani
Mkuu, asante, ila mimi ndiyo naondoka. 😅

Kichwa_Ngumu
Pole na mama. Lakini hapo kwenye kurudi hakuna shida yoyote. Kadi yako ya ukaazi imeandikwa tarehe ya mwisho, si ndiyo? Kama tarehe haijafika, hata ukae nyumbani mwaka mzima unaingia. Mimi nimekaa kule miaka minne, nakwambia ninachokijua.

FundiKaratasi
BintiPangani, pole sana, na Mungu azidi kumwinua mama.

Kichwa_Ngumu, hapo unampoteza mtu. Tarehe kwenye kadi ni kitu kimoja, kuwa nje ni kingine. Sheria yao ya ukaazi, kifungu cha 51, inasema ukitoka nje ya Ujerumani na usirudi ndani ya miezi sita, kibali kinakufa chenyewe. Hakuna anayekuandikia barua wala anayekuja kukunyang'anya kadi. Kadi itabaki kwenye pochi, nzuri na inang'aa, tarehe yake bado mbele, lakini nyuma yake hakuna kitu. Ndiyo maana watu wanashtukia mpakani.

Dada, ulitoka tarehe 2 Februari. Miezi sita yako iliisha tarehe 2 Agosti. Unarudi Oktoba. Naomba uniambie kuna kitu ulifanya kabla ya Agosti.

BintiPangani
Nilifanya, kwa bahati tu. Nami nilikuwa na akili kama ya Kichwa_Ngumu, kadi yangu inaishia tarehe 31 Machi 2026 nikalala usingizi. Mwezi wa sita rafiki yangu niliyesoma naye akaniuliza kwenye simu, "umewaandikia ofisi ya wageni?" Nikamwambia niwaandikie nini? Akanyamaza, halafu akaanza kuhesabu miezi kwa sauti.

Nilikwenda hadi Dar, ubalozini pale Umoja House, nikaambiwa kwa upole kwamba wao hawaongezi huo muda. Anayeongeza ni ofisi ya wageni ya mji ninaoishi. Nauli ya basi ikawa imekwenda. Nikaandika barua pepe tarehe 24 Juni, jibu likaja 18 Julai: nimeruhusiwa kurudi hadi 15 Oktoba. Hizo wiki tatu na ushee za kusubiri nilikonda kuliko mgonjwa.

Nyota_ya_Mrima
Dada tuwekee hiyo barua uliyoandika. Mdogo wangu yuko Tabora tangu Juni, baba yao mkubwa anaumwa, naye anasoma kule kule. Sidhani kama anajua haya.

BintiPangani
Barua yenyewe fupi. Kwenye mada rafiki yangu aliniambia niandike hivi hivi, ili isizame kwenye lundo la watu wanaoomba miadi:

```
Antrag auf Verlängerung der Wiedereinreisefrist
gemäß § 51 Abs. 1 Nr. 7 AufenthG
```

Chini nikaweka jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi, siku niliyotoka, sababu, na siku ninayoomba iwe mwisho wa kurudi. Nikaambatanisha barua ya daktari iliyotafsiriwa, cheti cha chuo kinachoonyesha bado ni mwanafunzi niko likizo ya muhula, na nakala ya ukurasa wa pasi wenye muhuri wa kutokea.

FundiKaratasi
Umefanya sawasawa. Nyota, mwambie mdogo wako mambo mawili. La kwanza, ombi liwafikie na apate jibu miezi sita ikiwa bado haijatimia. Ofisi nyingine hujibu wiki moja, nyingine miezi miwili, kwa hiyo asingoje mwezi wa tano. La pili, aombe tarehe halisi yenye sababu. "Muhula unaanza Oktoba, naomba hadi katikati ya Oktoba" inaeleweka. "Mpaka mzee apone" haieleweki, na inaweza kumgeukia.

Inamgeukia vipi? Sheria hiyo hiyo ina mlango mwingine ambao hauna miezi sita wala miezi miwili. Ukiondoka kwa sababu ambayo kwa asili yake si ya muda, kibali kinakufa siku hiyo hiyo unayovuka mpaka. Wanaangalia dalili: umerudisha chumba, umejifuta kwenye daftari la wakazi, umejitoa chuoni. Aliyebakiza chumba na jina lake liko chuoni anaonekana ni mtu aliyekwenda kuuguza na atarudi.

Kichwa_Ngumu
Sawa nimekubali la miezi sita, sikujua. Lakini hilo la kujifuta kwenye daftari mimi mwenyewe huwashauri watu wafanye, maana usipojifuta unaendelea kulipa ile ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi, na hutazami chochote. Kwa miezi minane ni hela ya mtu hiyo.

FundiKaratasi
Ni euro 146 na senti. Kwa kuokoa hizo unampa afisa karatasi inayosema umehama. Mtu anayehama kabisa ajifute, ni lazima. Anayekwenda kuuguza na chumba bado ni chake asijifute.

BintiPangani
Chumba nilimpangishia binti mmoja kwa muda, mwenye nyumba akiwa na taarifa. Ameniachia juzi. Kwa hiyo hapo niliponea.

Pasipoponea ni bima. Likizo ya muhula haikuondolei bima ya afya, maana bado umeandikishwa. Karibu euro 140 kwa mwezi, na haikulipii hata panadoli ukiwa Tanga. Mwezi wa nne na wa tano sikulipa. Hela ilikuwa inakwenda kwa mazoezi ya mama, nikasema watanisubiri. Julai naingia kwenye mtandao wa chuo kujiandikisha muhula wa Oktoba, nabonyeza Rückmeldung, inakataa. Bima walikuwa wameshawaarifu chuo kwamba nadaiwa. Kaka yangu akauza mbuzi wawili wa hitima ya babu. Nililipa deni na faini yake, baada ya siku tatu mfumo ukafunguka.

Shangazi_Sabuni
Mbuzi wa hitima! Babu atakuwa amecheka huko aliko.

Mto_Mathioya
Pole sana dada, tunaombea mama. Mimi ni Mkenya, nilikuwa na shida inayokaribiana na yako, ila yangu ilikuwa ya karatasi.

Kadi yangu ilikuwa imeisha nikiwa nimeshaomba ipya, wakanipa ile karatasi ya kukunjwa, Fiktionsbescheinigung. Nikasafiri nayo kwenda Murang'a, harusi ya dada. Wakati wa kurudi, pale kaunta ya ndege Nairobi kijana akaishika kama risiti ya supamaketi. "Hii si visa." Nikamwonyesha ndani, amepiga simu kwa bosi, bosi amepiga simu kwingine, abiria wote wameingia mimi nimesimama. Walinipandisha dakika za mwisho. Kwa hivyo dada, usisafiri na karatasi, ngoja kadi.

FundiKaratasi
Mto_Mathioya, pole, lakini kaunta wangeweza kuwa sahihi kama karatasi ingekuwa ya aina nyingine. Ndani yake kuna visanduku. Kama kimewekwa alama kile cha § 81 Abs. 4, kibali chako cha zamani kinahesabika kinaendelea na unaweza kutoka na kurudi, ukibeba na kadi iliyoisha. Kama alama iko kwenye § 81 Abs. 3, unaruhusiwa kukaa tu. Ukitoka, kurudi ni kwa visa. Karatasi ni ile ile, rangi ile ile.

Hili linamhusu BintiPangani pia, kwa sababu kadi yake inaisha Machi. Dada, ukifika tu omba miadi ya kuongeza muda, usisubiri Februari. Ukipewa karatasi na, Mungu apishe mbali, mama akazidiwa, angalia kisanduku kabla hujakata tiketi.

Mzee_wa_Ngamiani
Nimesoma yote haya ya vifungu. Mimi nina swali moja tu kwa binti. Mama hawezi kujifunga kanga mwenyewe, nawe unapanda ndege kwenda kusoma mashine? Shahada ipo miaka yote. Mama ni mmoja. Sisi wa zamani tusingefanya hivyo.

Shangazi_Sabuni
Mzee, shikamoo. Wa zamani mlioacha wake zenu wauguze mama zenu, au?

Mzee_wa_Ngamiani
Marahaba. Nimeuguza mwenyewe, miaka minne. Ndiyo maana nauliza.

BintiPangani
Mzee, shikamoo. Sikukasirikii, swali hilo najiuliza kila usiku.

Dada yangu anahamia kwa mama na watoto wake wawili. Kuna mama mmoja jirani atakuja asubuhi kumwogesha, tunamlipa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuja mara mbili kwa wiki, na hela yake ndiyo nitakayokuwa naituma. Hapa nyumbani sina kazi. Nikikaa, tutakuwa wawili tunaomtazama mama na hakuna anayemlipia mazoezi. Hesabu inaniambia niende. Moyo haujui hesabu. Siku nikisikia kapigwa cha pili niko maktaba sijui nitajitazamaje, hilo sina jibu lake mzee wangu.

Mzee_wa_Ngamiani
Marahaba mwanangu. Basi mtumie dada hela kwa jina lake yeye, isipitie kwa kaka wa mbuzi. Na mama msimwache alalie upande ule mbovu muda mrefu, bega linachomoka. Nenda salama.

Dodoma_Kwetu
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mimi nimemaliza kidato cha sita, nataka na mimi kwenda Ujerumani, nasikia shule bure. Natakiwa kuwa na shilingi ngapi?

Mzizima77
Dogo, ada kweli vyuo vingi vya serikali hawatozi, ukiacha mchango mdogo wa kila muhula. Lakini kwa visa unaonyesha akaunti iliyozuiwa yenye euro 11,904, unakula 992 kwa mwezi. Fungua uzi wako tukusaidie, na usisahau kusema alama zako, maana kwa kidato cha sita pekee si kila mtu anaingia moja kwa moja.

Nami nilete yangu kwa sababu ndiyo upande wa pili wa hadithi ya BintiPangani. Mwaka 2018 nilitoka Julai kwenda Kigoma, baba alikuwa anaumwa, akafariki Oktoba. Tukazika, tukamaliza mambo ya mirathi, nikarudi Februari 2019. Miezi saba. Sikumwandikia mtu. Kwenye kibanda cha uwanja wa ndege yule askari akafungua pasi, akatafuta muhuri wa kutokea, akaweka kidole, akahesabu kwa midomo bila sauti. Agosti, Septemba… Nilipoona kafika vidole saba ndipo nikaelewa. Akaniuliza kama nina barua. Nilikuwa na picha za msiba kwenye simu. Usiku wa pili nilikuwa kwenye ndege ya kurudi.

Ikabidi nianze visa upya kama sijawahi kukanyaga kule. Akaunti iliyozuiwa wakati huo ilikuwa euro 8,640, na ya kwangu nilikuwa nimeshaila. Tuliuza kiwanja cha marehemu. Nilirudi darasani muhula mzima nyuma, na wadogo zangu mpaka leo wanapita pale kiwanjani wanageuza shingo.

Nyota_ya_Mrima
Nimempigia mdogo wangu sasa hivi. Alitoka tarehe 11 Juni. Anaandika leo.

Kichwa_Ngumu
Mzizima, pole sana. Nafuta ushauri wangu wa juu. BintiPangani, kwa kazi ukifika usihofu, mwaka mzima unaruhusiwa siku 120, nawe hujafanya kitu.

FundiKaratasi
Ni siku 140 tangu Machi 2024. Lakini ndiyo, huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, na kwa kuwa alikuwa nyumbani, Oktoba hadi Desemba anaweza kufanya zaidi ya kawaida yake. Bima ndiyo itamkwaza. Akizidisha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, wanaweza kusema huyu si mwanafunzi tena, ni mfanyakazi anayesoma.

Dada, turudi kwenye mekanika. Umeshapata cheti cha uandikishaji cha muhula mpya?

BintiPangani
Ninacho. Kinasema muhula wa somo: 6, muhula wa chuo kikuu: 7. Mwanzoni nilidhani wamekosea.

FundiKaratasi
Hawajakosea. Muhula wa likizo umehesabiwa kwenye maisha yako ya chuo, haukuhesabiwa kwenye kozi. Ukienda kuongeza kibali Machi wataona mwendo wako wa masomo, waonyeshe hiyo 6 pamoja na barua ya daktari. Watauliza kama utamaliza ndani ya muda wa kueleweka, chuo kitakuandikia.

Kuhusu jaribio la tatu, ukilifeli unatolewa kwenye kozi, na kozi hiyo hiyo huisomi tena chuo kingine cha Ujerumani.

Mto_Mathioya
Nilisikia hata kozi nyingine hupati. Ukifeli mara tatu, basi, Ujerumani yote imefungwa.

FundiKaratasi
Hapana, ni kozi ile na zile zilizo karibu nayo sana. Ukaribu unaamuliwa na chuo. Nimeona mtu wa mitambo akahamia uhandisi wa usimamizi wa viwanda, na nimeona mwingine akakataliwa jambo lile lile mji wa pili. Sitaki kumpa matumaini wala kumtisha. BintiPangani, kuna swali moja ambalo mimi siwezi kukujibu. Vyuo vingine vina muda maalumu wa kufanya jaribio la tatu baada ya la pili. Je, likizo imesimamisha saa hiyo au imeendelea kutembea? Kwenye kanuni za mitihani za kozi yako kuna mahali pameandikwa. Waulize ofisi ya mitihani, na wakujibu kwa maandishi.

BintiPangani
Nimesoma kanuni mara tatu. Sentensi yenyewe ina mistari sita na kitenzi kiko mwishoni kabisa, nikifika nimesahau mwanzo. Nitawaendea.

Shangazi_Sabuni
Beba dagaa. Mengine yatajijua.

BintiPangani
Wakuu, nimefika jana tarehe 5.

Mpakani yule bwana alifungua pasi, akatafuta muhuri, akaanza kuhesabu. Nilimkumbuka Mzizima, magoti yakalegea. Nikatoa barua kabla hajafika kidole cha tano. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akamwita mwenzake naye akaisoma, akaniuliza kwa Kijerumani mama anaendeleaje. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nililia pale pale kibandani, akanirudishia pasi haraka haraka kama anayeogopa kuambukizwa.

Chumba kina baridi. Yule binti ameniachia sufuria chafu na mmea ambao si wangu. Nimewapigia nyumbani, dada kaweka simu sikioni kwa mama. Mama akauliza, neno kwa neno, kama nimekula. Nikasema nimekula. Dada anasema mama leo amekataa kushika soksi, anataka ashikishwe na mimi. Tumepatana nitakuwa napiga saa kumi na mbili jioni, simu ikae mezani, nihesabu yeye afumbate.

Ofisi ya mitihani wamenipa miadi Jumanne saa nne asubuhi. Nitaleta jibu.

Nyota_ya_Mrima
Karibu dada. Mdogo wangu bado hajajibiwa, ila wamesema ombi limepokelewa. Tunahesabu hadi tarehe 11 Desemba.